Magunia 5,000 ya Saruji: Mkaguzi Atoe Hati Gani?

Swali lenyewe huwa fupi. Kampuni inayouza vifaa vya ujenzi imefunga hesabu zake tarehe 31 Desemba. Ghalani kuna magunia 5,000 ya saruji yaliyoingiwa na unyevu yakaanza kuganda. Kila gunia lilinunuliwa kwa shilingi 15,000, na vitabu bado vinaonyesha bei hiyo. Ankara za Januari zinaonyesha kuwa magunia hayohayo yameuzwa kwa shilingi 3,000 tu. Faida kabla ya kodi ni shilingi milioni 400, na mali zote za kampuni ni shilingi bilioni 3.2. Wakurugenzi wamekataa kurekebisha. Je, mkaguzi atoe maoni ya aina gani?

Watahiniwa wengi wa CPA wakiona neno "wamekataa" hukimbilia hati isiyoridhisha, ile ambayo magazeti huiita hati chafu. Lakini hati si adhabu ya ukaidi. Mkaguzi hapimi tabia ya wakurugenzi. Anapima taarifa za fedha zinamwambia nini msomaji.

La kwanza ni kujua tatizo ni la namna gani. Je, mkaguzi ana ushahidi kwamba hesabu zimekosewa, au amekosa ushahidi wa kuamua? Hapa ushahidi upo, tena mzuri: ankara za Januari. Kanuni ya kimataifa ya bidhaa za ghalani, IAS 2, inataka bidhaa ziandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi kitakachopatikana zikiuzwa, kile kilicho kidogo. Kila gunia limezidishwa shilingi 12,000. Kwa magunia 5,000 hiyo ni shilingi milioni 60. Kwa hiyo kushindwa kutoa maoni hakumo kabisa kwenye meza hii.

La pili ni ukubwa. Wakaguzi wengi huanza na asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, ambayo hapa ni shilingi milioni 20. Hiyo ni desturi ya kazi, si sheria, lakini milioni 60 ni mara tatu yake. Faida ya kweli ni milioni 340, na mtu anayetaka kununua hisa au kuikopesha kampuni hiyo angependa kulijua hilo. Hati inayoridhisha nayo imeondoka.

Zimebaki mbili, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kiwango cha ukaguzi cha ISA 705 kinauliza kama kosa limeenea. Kosa huhesabiwa kuwa limeenea lisipoishia kwenye sehemu mahususi za hesabu, au likiishia hapo lakini sehemu hizo zikawa kipande kikubwa sana cha taarifa nzima. Wapo wanaojibu kwamba limeenea kwa sababu limegusa bidhaa, faida na kodi. Sikubaliani nao: karibu kila kosa la bidhaa hugusa faida, na kwa hoja hiyo hati yenye shaka isingetolewa kamwe. Cha kutazama ni chanzo. Hapa chanzo ni kimoja, na msomaji akishaambiwa punguza milioni 60 kwenye bidhaa na kwenye faida, anaweza kuzitumia hesabu zilizobaki bila wasiwasi. Milioni 60 si hata asilimia 2 ya mali zote. Jibu ni hati yenye shaka: hesabu ni sahihi isipokuwa katika jambo hilo, na aya ya msingi wa maoni itaje kiasi chenyewe.

Badilisha swali kidogo uone. Kampuni mama ikiacha kuunganisha hesabu za kampuni tanzu kubwa, karibu kila mstari unakuwa na upotofu, na hakuna marekebisho mafupi ya kumpa msomaji; hapo hati isiyoridhisha inastahili. Lakini faida ingekuwa milioni 40 tu, kosa hilohilo la saruji lingeigeuza kuwa hasara ya milioni 20, na hapo wakaguzi wenyewe hutofautiana. Mtahiniwa anayetoa hoja yake waziwazi ana nafasi nzuri kuliko anayeandika jina la hati na kunyamaza.

Mtego wa mwisho ni aya ya kusisitiza jambo. Wengine hutoa hati inayoridhisha, kisha wanaitaja saruji katika aya hiyo wakidhani wamepata njia ya kati. Aya hiyo ni ya jambo ambalo kampuni tayari imeliandika na kulieleza ipasavyo katika taarifa zake, kwa mfano kesi kubwa mahakamani ambayo hatima yake haijajulikana. Saruji imeandikwa kwa thamani isiyo sahihi, kwa hiyo haiwezi kupita kwa njia hiyo. Wakurugenzi wakikubali kurekebisha kabla ripoti haijasainiwa, kosa linatoweka na hati inakuwa safi, bila aya yoyote ya ziada.