Matokeo 3, Bila Faili Hata Moja

Mtunza ghala wa kampuni anafungua ukurasa wa kutafuta nyaraka za ofisi na kuandika "kupunguza wafanyakazi". Orodha inakuja tupu, lakini juu yake pameandikwa "matokeo 3", na pembeni, kwenye majina ya folda, "Rasilimali Watu (3)". Hajasoma hata mstari mmoja, ila ameshajua kwamba kuna jambo linaandaliwa.

Chanzo chake ni namna utafutaji unavyofanya kazi. Mtu akiuliza, mfumo haupekui mafaili yote upya, maana angesubiri mno. Kuna programu inayopita mapema kwenye seva zote, kwa akaunti yenye ruhusa ya kusoma kila kitu, ikaandaa faharasa ya neno gani limo katika waraka gani. Kwa hiyo faharasa inajua mishahara, kesi za nidhamu na zabuni.

Katika kampuni hii, mfumo ulitafuta kwanza, ukahesabu, kisha ukamuuliza mwenye seva: huyu aruhusiwe? Mafaili matatu yakaondolewa, hesabu ikabaki. Njia iliyo salama zaidi ni kuhifadhi orodha ya wanaoruhusiwa pamoja na kila waraka ndani ya faharasa, na kuwachuja wasioruhusiwa kabla ya kuhesabu. Mtunza ghala angeona sifuri kila mahali.

Njia hii nayo ina kasoro yake: orodha huchakaa. Folda yenye mafaili 40,000 ikibadilishwa ruhusa, kumbukumbu 40,000 za faharasa zinapaswa kuandikwa upya, na kabla kazi hiyo haijaisha, aliyeondolewa bado anaona vichwa vya habari na dondoo. Ndiyo maana wataalamu makini huchuja mara mbili: kwanza kwenye faharasa, halafu wanaiuliza seva yenyewe kuhusu yale matokeo kumi tu ya ukurasa wa kwanza.

Kupima si kazi ngumu. Weka kwenye folda iliyofungwa faili lenye neno la kubuni, tuseme "zumbarika77", kisha litafute kwa akaunti isiyo na ruhusa. Lisionekane kwenye orodha, kwenye hesabu, wala kwenye maneno yanayopendekezwa mtu anapoandika. Halafu ipe akaunti hiyo ruhusa, iondoe, na uhesabu dakika hadi faili litoweke. Dakika hizo ndizo meneja anapaswa kuzijua, na ni wachache wanaoziuliza.

Lakini hakuna chujio linaloweza kurekebisha ruhusa iliyotolewa vibaya. Katika SharePoint kuna kundi liitwalo "Everyone except external users", yaani kila mtumishi wa ndani. Ofisa akiligawia faili la mishahara kwa kutaka tu wenzake wawili walifungue haraka, utafutaji utamwonyesha kila mtumishi atakayelitafuta, na utakuwa umetii ruhusa sawasawa. Hapo fundi wa TEHAMA hana cha kutengeneza kwenye faharasa. Mwenye folda ndiye wa kuitwa.