Mgonjwa wa kitandani anahitaji nishati kiasi gani?

Mwanaume wa miaka 45 amelazwa wodi ya mifupa. Bodaboda aliyopanda imegongwa, mfupa wa paja umevunjika, na anasubiri kufungwa chuma. Ana kilo 60 na urefu wa sentimita 170. Kabla ya kuagiza chakula chake, afisa lishe anatakiwa kujua mwili huu unatumia nishati kiasi gani kwa siku. Kupima hasa kunawezekana: kuna mashine inayosoma oksijeni anayoivuta mgonjwa na hewa ya kaboni anayoitoa, kisha inatoa jibu. Lakini ni ghali na hospitali nyingi hazina. Kinachobaki ni kukadiria kwa fomula.

Fomula kongwe ambayo bado inatumika ni ya James Arthur Harris na Francis Benedict, iliyochapishwa Marekani mwaka 1919 baada ya kupima wanaume na wanawake wenye afya wakiwa wamelala kimya. Mwaka 1990 ilikuja nyingine, ya Mifflin na St Jeor, na hesabu yake ni nyepesi:

```
Mwanaume: (10 x kilo) + (6.25 x sentimita) - (5 x umri) + 5
Mwanamke: (10 x kilo) + (6.25 x sentimita) - (5 x umri) - 161
```

Kwa mgonjwa wetu tunapata 600, tunaongeza 1,062.5, tunatoa 225, tunaongeza 5. Jumla ni kama kilokalori 1,440. Hiyo ndiyo nishati ya kuendesha moyo, mapafu, ubongo na ini akiwa amepumzika. Ukitumia fomula ya 1919 kwa mtu huyuhuyu, jibu linatofautiana kwa kilokalori zisizofika 10. Miaka 71 inazitenganisha fomula hizi mbili, na kwa mgonjwa huyu zinakubaliana.

Ugumu unaanza hatua inayofuata. Fomula zote mbili zilitokana na watu wazima wa afya, ilhali huyu ameumia. Kwa hiyo jibu huzidishwa kwa namba ya kufidia ugonjwa, ambayo wataalamu huiita kigezo cha mkazo. Mwaka 1979 Calvin Long na wenzake walipendekeza namba zilizoenea duniani kote: 1.2 kwa mgonjwa asiyetoka kitandani, kisha juu yake 1.2 tena kwa upasuaji mdogo, 1.35 kwa majeraha ya mifupa, 1.6 kwa maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, na 2.1 kwa kuungua vibaya.

Tukizifuata namba hizo, 1,440 mara 1.2 mara 1.35 ni zaidi ya 2,300. Tukiweka 1.2 peke yake, ni kama 1,730. Tofauti ni kilokalori 600 kwa siku, na imeletwa na uamuzi mmoja wa mtu mwenye kalamu. Sasa linganisha na kosa la mizani. Mtu aliyevunjika paja hawezi kusimama apimwe, kwa hiyo uzito wake mara nyingi hukisiwa au huulizwa kwa ndugu. Hata ukikosea kwa kilo 5, fomula inasogea kwa kilokalori 50 tu. Naona muda mwingi hutumika kubishania fomula ipi ni bora, wakati kosa kubwa limekaa kwenye kizidishio.

Je, namba za zamani zilikuwa za uongo? Hapana, ila tiba imebadilika. Mgonjwa anayelala na maumivu, homa na kidonda kilicho wazi anachoma nishati nyingi. Leo maumivu yanatulizwa, mfupa unafungwa mapema, dawa za maambukizi zinaanza haraka, na aliyeungua hufunikwa ngozi mpya mapema kuliko zamani. Tena aliyelala kitandani amepoteza matumizi yote ya kutembea, kubeba na kulima. Ndiyo maana kwa upasuaji usio na matatizo kizidishio cha jumla cha 1.2 hadi 1.3 huwa kinatosha. Neno la kushika hapo ni jumla, maana kosa la kawaida ni kurundika: 1.2 ya kitanda, mara 1.2 ya upasuaji, mara 1.35 ya mfupa, kisha asilimia 10 zaidi kwa kila nyuzi ya homa, kana kwamba homa si sehemu ya ugonjwa uleule uliokwisha kuhesabiwa.

Kuna kipimo rahisi cha kujisahihisha. Gawanya jibu kwa uzito. Wagonjwa wengi wa wodini huangukia kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo. Kwa mtu wetu, 1,730 ni karibu 29, inakubalika. Ile 2,300 ni zaidi ya 38, na hapo afisa lishe anapaswa kurudi kwenye daftari. Kumlisha mgonjwa kupita kiasi hakuzuii misuli kuyeyuka. Sukari ya damu hupanda, mafuta hujaa kwenye ini, na mapafu hulazimika kutoa hewa ya kaboni zaidi, jambo linaloweza kumchelewesha aliye kwenye mashine ya kupumulia.

Kigezo hicho hakidumu. David Cuthbertson, aliyechunguza wagonjwa wa mifupa iliyovunjika huko Glasgow miaka ya 1930, aliona naitrojeni nyingi ikitoka kwenye mkojo wao, dalili kwamba misuli inavunjwa. Baadaye alieleza kwamba mwili ulioumia hupita vipindi viwili kama maji ya bahari: kwanza kupwa, saa za mwanzo ambapo matumizi hushuka, kisha kujaa, ambapo hupanda kwa siku au wiki. Kwa hiyo namba ya siku ya kwanza haifai kunakiliwa hadi siku ya kumi.

Tuseme siku ya sita kidonda cha mgonjwa wetu kinatoa usaha na joto ni nyuzi 38.8. Hapo kupanda hadi 1.4 kuna sababu, na lengo linakuwa kama 2,000. Homa ikishuka na kidonda kikikauka, namba nayo ishuke.

Kuna mgonjwa ambaye hata hesabu sahihi haifai kutimizwa mara moja: aliyekonda sana, au aliyekaa siku zaidi ya kumi bila chakula cha maana. Chakula kingi cha ghafla huvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Huyu huanzishwa kwa kama kilokalori 10 kwa kilo, akipewa vitamini B1 kwanza, damu ikipimwa, na kupandishwa kidogokidogo kwa siku kadhaa.

Kisha kuna namba ambayo haitokani na fomula yoyote, nayo ni kile alichokula kweli. Lita moja ya uji wenye gramu 60 za unga wa mahindi na gramu 40 za sukari ina kilokalori zisizofika 400. Kufikisha 1,730 kwa uji huo kungehitaji zaidi ya lita nne. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula huongeza kama 120, ila protini ya kutosha, gramu 72 hadi 90 kwa siku kwa mtu huyu, itatoka kwenye maziwa, mayai, samaki au maharage. Na siku anayofungishwa tangu usiku kusubiri upasuaji, kisha upasuaji ukaahirishwa hadi jioni, lengo la 1,730 limebaki kwenye karatasi. Ndugu anayekaa naye ndiye ajuaye bakuli lilirudi na kiasi gani, kwa hiyo afisa lishe anayepita asubuhi humuuliza yeye kwanza, na jibu hilo huandikwa kwenye faili kando ya lengo.