Ushuru na mgao: Nani huamua bei ya sukari Malindi?

Mama anayekaanga mahamri Malindi na mwenye duka anayepima sukari nusu kilo Kilifi hawana shamba la miwa, wala hawajapata kuuza muwa kwa kiwanda chochote. Wao ni wanunuzi watupu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bei wanayolipa hutokana na sheria zilizotungwa kuwalinda wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya.

Serikali inayotaka kuzuia sukari ya kigeni huwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni ushuru wa forodha: yeyote na aingize kiasi apendacho, mradi alipe. Ya pili ni mgao, yaani kuweka kiwango cha mwisho cha tani zitakazoingia kwa mwaka na kutoa vibali kwa wachache. Wengi hudhani mambo haya mawili ni mamoja kwa kuwa yote hupandisha bei. Kwa mnunuzi, si mamoja hata kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni, tukiacha kando nauli, kodi nyingine na faida ya mwenye duka. Kilo ya sukari yafika bandari ya Kilindini kwa Sh60. Ushuru ukiwa asilimia 50, mwagizaji hulipa Sh30 na sukari huuzwa Sh90. Sasa tuseme serikali yafuta ushuru huo, lakini yaruhusu tani zile zile tu zilizokuwa zikiingia. Sukari sokoni ni ile ile na wanunuzi ni wale wale, kwa hiyo bei hubaki Sh90. Tofauti ni mfuko unaopokea ile Sh30. Awali ilikwenda Hazina ya Taifa; sasa yabaki kwa mwenye kibali, labda serikali iviuze vibali kwa mnada. Ndiyo sababu vibali vya mgao hugombaniwa na madalali kuliko bidhaa yenyewe.

Tofauti kubwa zaidi hujitokeza mambo yanapobadilika. Bei ya dunia ikishuka hadi Sh40, chini ya ushuru mnunuzi wa Kilifi atalipa Sh60, yaani 40 na ushuru wa 20. Chini ya mgao ataendelea kulipa Sh90, kwa maana tani hazikuongezeka. Mwenye kibali ndiye atakayevuna Sh50 kwa kila kilo.

Au tuseme bei ya dunia imebaki Sh60, lakini ukame umekausha miwa nchini. Chini ya ushuru, bei ikijaribu kupita Sh90, waagizaji huona faida, huleta meli zaidi na bei hurudi. Ushuru, kwa ukali wake wote, huweka dari. Mgao hauna dari: bei yaweza kufika Sh110 au 130 na hakuna meli itakayoruhusiwa kuongeza hata gunia moja.

Kenya ilichanganya njia zote mbili. Tangu 2005, Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza sukari itokayo nje ya eneo hili ushuru wa asilimia 100. Sukari ya nchi wanachama wa soko la COMESA, kama vile Misri na Mauritius, ilistahili kuingia bila ushuru, lakini kuanzia 2002 Kenya iliruhusiwa kuiwekea mgao, ambao baadaye ulifika tani 350,000 kwa mwaka. Kwa hiyo dari ilikuwapo, ila juu mno: bei ya dunia mara mbili.

Mwaka 2017 ulionyesha urefu wa dari hiyo. Kwa sababu ya ukame na uhaba wa miwa, viwanda vya Kenya vilivyotoa takriban tani 638,000 mwaka 2016 vilitoa takriban 376,000 tu. Bei ya kilo ikakaribia Sh200. Mnamo Mei serikali iliondoa ushuru, na kufikia mwisho wa mwaka sukari iliyoingia ilikaribia tani milioni 1. Bei ilishuka madukani, nao wakulima na viwanda wakalia kwamba soko limefurika.

Ulinzi huo dhidi ya sukari ya COMESA ulifikia kikomo Novemba 2025. Anayetaka kujua kama soko linabanwa na ushuru au na uhaba wa vibali na aangalie wakati bei ya dunia inaposhuka, au shilingi inapopata nguvu. Bei ya dukani ikishuka baada ya shehena mpya kufika, ni ushuru unaotawala. Isipotikisika, basi kuna mtu katikati ya meli na duka anayeishika faida hiyo, ama kwa kibali, ama kwa waagizaji wachache kuelewana.