Mkono Unaowaka Baada ya Plasta

Mtu ameteleza na kuangukia kiganja, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Baada ya wiki 6 plasta inatolewa, na picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeunga. Lakini mkono umevimba, ngozi inang'aa na kutoa jasho, una joto kuliko mwenzake, na shuka ikiugusa tu anasikia moto. Vidole havifiki kiganjani. Basi anauning'iniza shingoni kwa kitambaa na kungoja maumivu yaishe ndipo autumie. Hoja yangu ni kwamba kungoja huko ni sehemu ya ugonjwa.

Tangu 1994 wataalamu huita hali hii sindromu ya maumivu changamani ya kiungo. Hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha inayoithibitisha. Daktari huitambua kwa maumivu yaliyopita kiasi cha jeraha, pamoja na mabadiliko ya hisia, rangi na joto, uvimbe na jasho, au ukakamavu, baada ya kuhakikisha si usaha, damu iliyoganda wala mshipa wa fahamu uliobanwa. Jeraha huanzisha uvimbe, na mishipa ya fahamu hubaki ikipiga kengele ya hatari. Hata hivyo, jeraha si chanzo pekee. Watafiti waliwafunga plasta watu wazima wenye mikono mizima kwa wiki 4. Ilipofunguliwa, mikono ile ilikuwa imekakamaa, na ngozi imekuwa nyepesi kuumia kwa baridi na kuguswa. Kutulia peke yake kulizaa sehemu ya dalili hizi.

Wapo watakaosema kuchezesha vidole kutauhamisha mfupa. Hofu hiyo ina msingi kwa kifundo chenyewe, ambacho plasta hukishikilia; lakini vidole, kiwiko na bega havina sababu ya kufungwa. Ndiyo maana plasta ya kifundo inapaswa kuishia kabla ya mikunjo ya kiganja, ili mgonjwa aweze kukunja ngumi kamili, kunyoosha vidole, na kugusa ncha ya kila kidole kwa dole gumba, mara kadhaa kwa siku, tangu siku ya kwanza. Wengine watasema maumivu ni onyo la kuacha. Katika hali hii kengele hulia hata pasipo moto: kuumia kidogo wakati wa zoezi hakuharibu mfupa uliounga. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, zoezi lipunguzwe, lisiachwe. Kukandwa kwa nguvu na mtu mwingine ni jambo jingine, kwani huchochea uvimbe. Mkono usogezwe na mwenyewe. Na vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi ndani ya plasta, au maumivu yakipanda bila kupoa, arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda plasta inabana.