Kiambishi -ji-
Kiambishi -ji- huonyesha katika kitenzi cha Kiswahili kwamba mtenda ndiye pia mtendwa. Hakivuki mpaka wa kishazi chake. Mtu wa Arusha akieleza, "Neema alisema Anna alijikata", aliyekatwa ni Anna tu. Akisema "alimkata", huenda ni Neema au mtu mwingine, ila si Anna. Kwa ushahidi wa mahakamani tofauti hiyo ni kubwa.

Katika "Neema anaamini kwamba yeye mwenyewe atashinda", *mwenyewe* kwa kawaida humrejelea Neema, aliye nje ya kishazi. Lakini neno hilo husisitiza tu, hivyo si kirejeshi kamili. Neno *ziji* la Kichina ni kirejeshi, nalo huvuka: "Zhangsan anasema Lisi anamchukia *ziji*" huweza kumaanisha yeyote kati yao.