Dereva wa lori, dawa ya bawasiri na miezi tisa iliyopotea

Mtu akiingia duka la dawa karibu na stendi na kusema kwa sauti ya chini kwamba anaona damu akienda haja kubwa, muuzaji kwa kawaida haulizi swali la pili. Anageuka kwenye rafu, anashusha boksi la vidonge vya kupachika, anaongeza na tyubu ya dawa ya kupaka. "Tumia siku saba, kaka. Punguza pilipili, kunywa maji mengi." Na mara nyingi muuzaji huyo anakuwa sahihi, maana bawasiri ndiyo sababu ya kawaida ya damu ya aina hiyo. Shida iko kwa wale wachache ambao jibu hilo halikuwahusu, kwa sababu hata wao hupata nafuu kwa siku kadhaa.

Chukua mfano wa dereva wa lori wa miaka 44 anayepeleka mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma. Si mtu mmoja ninayemfahamu. Nimemuunda kutokana na visa ambavyo madaktari wa upasuaji hukutana navyo mara kwa mara. Mwezi Februari aliona damu nyekundu kwenye sinki la choo cha nyumba ya wageni. Haikuuma. Alipomsimulia utingo wake, jibu likaja papo hapo: "Hizo bawasiri, bosi. Kiti hicho unakikalia siku nzima, unategemea nini?" Akanunua vidonge vya kupachika, na baada ya siku nne damu ikakata.

Hapo ndipo mtego ulipo. Uvimbe wa saratani kwenye utumbo hauvuji damu kila siku. Hutoka damu unapokwaruzwa na kinyesi kigumu, kisha hutulia wiki nzima au hata mbili bila dawa yoyote. Mgonjwa aliyetumia dawa katika wiki hiyo ataamini dawa imemponya. Damu ikirudi, atarudi dukani kwa moyo mkunjufu kununua ileile iliyomsaidia mara ya kwanza. Dereva wetu aliinunua mara tano kati ya Februari na Agosti.

Ili kuona alichokosa kukigundua, inabidi kwanza tujue bawasiri ya kawaida inavyokwenda. Kila binadamu ana vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, na kazi yake ni kusaidia njia hiyo ifunge vizuri. Vikijaa na kuvimba, kwa sababu ya kujikamua chooni, kukaa chooni muda mrefu au ujauzito, ndiyo tunaita bawasiri. Zile za ndani haziumi kwa sababu utando wa eneo lile hauna hisia za maumivu. Damu yake ni nyekundu ya kung'aa, hutoka kinyesi kikishapita, hudondoka au hubaki kwenye karatasi, na kinyesi chenyewe kinakuwa safi. Ratiba ya choo haibadiliki. Aliyekuwa akienda mara moja asubuhi anaendelea kwenda mara moja asubuhi. Maumivu makali kama ya kukatwa na wembe wakati wa kujisaidia, pamoja na damu kidogo kwenye karatasi, huashiria zaidi mchaniko wa ngozi ya mlangoni.

Wengi hushikilia rangi ya damu kama kipimo: nyekundu ni bawasiri, nyeusi ni hatari. Ni kweli kwamba choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya huonyesha damu inayotoka juu, tumboni au kwenye koo la chakula, na mtu huyo anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Lakini puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ina urefu wa sentimita 12 hadi 15 tu. Uvimbe uliokaa humo uko karibu kabisa na mlango, na damu yake hutoka nyekundu ileile ya bawasiri. Kwa hiyo rangi peke yake haimtoi mtu hatarini. Cha kuangalia ni mambo yanayofuatana na damu.

Kwa dereva wetu, la kwanza lilianza mwezi Mei. Alikuwa mtu wa kwenda chooni mara moja kwa siku, sasa akawa anaamka na kwenda mara tatu kabla ya kuwasha gari. Safari mbili kati ya hizo hazikuwa na choo. Alitoa ute mchache uliochanganyika na damu. Kila alipoinuka alihisi kama kuna kitu kimebaki, akakaa tena, akajikamua, hakuna kilichotoka. Hisia hiyo ya haja isiyoisha ni ishara ambayo daktari wa upasuaji anaiogopa kuliko wingi wa damu, kwa sababu mara nyingi kilichobaki ndani si choo bali ni uvimbe wenyewe, na utumbo unajaribu kuusukuma nje kama vile ni kinyesi. Yeye alihesabu kuwa ni chipsi za njiani. Alisimamisha lori mara nyingi zaidi, akalalamikiwa na tajiri wake.

Mabadiliko ya choo yanayodumu zaidi ya wiki tatu au nne, yaani kuharisha kusikoisha, kufunga choo kulikoanza ghafla, au kinyesi kilichoanza kutoka chembamba kuliko kawaida yako, yakiandamana na damu hayapaswi kuitwa bawasiri kabla ya mtu kupimwa. Vivyo hivyo damu iliyochanganyika na kinyesi chenyewe badala ya kukaa juu yake.

La pili lilikuja Agosti, nalo lilipotea njiani pia. Alianza kuchoka. Kupanda kwenye kibini ya lori kukamfanya aheme. Kwenye zahanati alipimwa malaria, haikuonekana. Wingi wa damu ukapimwa, ukawa gramu 8.4 wakati mwanaume mzima anatakiwa awe na angalau 13. Akaandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyemuuliza damu imekwenda wapi. Mwanamke anayepata hedhi anaweza kupungukiwa damu kwa sababu ya hedhi nzito, na bado anastahili kuulizwa kuhusu choo chake. Lakini mwanaume, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akipungukiwa madini ya chuma bila sababu inayoeleweka, utumbo wake ni wa kwanza kushukiwa. Bawasiri zinaweza kumpunguzia mtu damu, ila ni kwa nadra, tena kwa zile zinazomwaga kila siku kwa muda mrefu. Na vile vidonge vikamletea choo cheusi, jambo ambalo ni la kawaida kwa madini ya chuma na halina madhara. Bahati mbaya likamfunika yeye asione tena kama kuna damu.

Kando ya saratani, kuna kundi jingine linalosumbuka kwa jina lisilo lake: wale wanaoambiwa wana amiba. Mwambao wa Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kipo, na amiba nazo zipo kweli, na zote huweza kuleta choo chenye damu. Zinapimwa kwenye choo na zina dawa. Lakini kijana wa miaka 25 aliyekwisha kumeza metronidazo mara nne ndani ya mwaka, bado anaharisha damu na ute, na anaamshwa usingizini usiku na haja, huyo ana uwezekano wa kuwa na ugonjwa wa vidonda vya uchochezi kwenye utumbo mpana. Bawasiri haimwamshi mtu saa nane usiku aharishe. Ugonjwa huo hauthibitiki bila kuutazama utumbo kwa kamera na kuchukua kinyama.

Umri mdogo nao huwadanganya wagonjwa na hata waganga. Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alifariki Julai 2019 kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 41. Marekani walishusha umri wa kuanza kupima watu wasio na dalili kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, kwa sababu ya kuongezeka kwa wagonjwa vijana. Na hapo tunazungumzia wasio na dalili. Mwenye damu na choo kilichobadilika hapangiwi foleni ya umri.

Mwezi Novemba dereva wetu alifika hospitali ya mkoa. Daktari alimsikiliza, kisha akasema, "Baba, lala ubavu wa kushoto, kunja magoti. Ni dakika moja." Kidole chenye glovu na mafuta hufika sentimita saba hivi. Kwenye sentimita ya sita kilikutana na kitu kigumu chenye kingo zisizo sawa, na glovu ikatoka na damu. Bawasiri laini hazishikiki hivyo. Mara nyingi kidole hakizihisi kabisa. Na ndiyo, bawasiri alikuwa nazo pia, mbili ndogo, zilionekana kwa kijibomba cha kutazamia. Hili linafaa kukumbukwa na kila aliyewahi kuambiwa "umepimwa, una bawasiri": kuziona hakuondoi uwezekano wa kitu kingine juu yake.

Kipimo hicho cha kidole hakihitaji umeme wala mashine, na kinaweza kufanyika kituo cha afya. Wanaume wengi hukikwepa kwa aibu, na baadhi ya watoa huduma nao huona aibu kukipendekeza, ambayo kwangu mimi ni kosa kubwa zaidi. Vilevile kidole kikiwa safi hakimalizi habari, kwa sababu kinaishia kwenye puru. Mwenye dalili nilizotaja anaendelea kwenye kolonoskopi, kamera inayotazama utumbo mpana wote. Siku moja kabla unakula chakula chepesi, kisha unakunywa dawa ya kuharisha hadi unachotoa kiwe maji ya rangi ya njano. Utumbo ukibaki na uchafu, kamera haioni na kipimo hurudiwa. Wengi hupewa dawa ya usingizi mwepesi, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Kinyama kilithibitisha saratani ya puru. Picha zilionyesha imepenya ukuta na kufika kwenye tezi za jirani, ila haijafika kwenye ini wala mapafu. Maana yake ni mionzi ya takribani wiki tano pamoja na vidonge vya kemotherapia, kisha upasuaji, na pengine mfuko wa choo tumboni kwa muda. Kama ingekamatwa ikiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, upasuaji peke yake mara nyingi ungetosha.

Kabla hajaondoka daktari alimuuliza ana ndugu wangapi wa tumbo moja. Ndugu na watoto wa mgonjwa kama huyu hutakiwa kufanyiwa kolonoskopi wakifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, kwa kuangalia ipi inatangulia. Kwa ndugu zake dereva huyu ni miaka 34. Mdogo wake, fundi seremala wa Mbagala, ana 36.