Mkataba Umeisha, Mpangaji Bado Yumo

"Mkataba wako uliisha Desemba. Uhame ndani ya wiki mbili, ama kuanzia sasa kodi ni elfu thelathini." Wapangaji wengi nchini Kenya hupokea ujumbe kama huu, nao huogopa wakadhani hawana haki tena. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimwachi mpangaji hewani.

Tuseme ulipanga nyumba Nakuru kwa mwaka mmoja, mkataba ukaisha tarehe 31 Desemba 2024. Kodi ni shilingi 25,000, hulipwa kila tarehe mosi. Hukuhama. Kama mwenye nyumba hakukubali ubaki, wajibu wote wa mkataba ule unaendelea kukubana mpaka siku utakayotoka: kodi ni ileile, na matunzo ya nyumba ni yaleyale. Wala usijitetee kwa risiti ya Januari pekee. Kifungu cha 60 kinasema kupokea kodi baada ya mkataba kuisha si ridhaa.

Miezi miwili ndiyo inayobadilisha mambo. Mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa muda huo, sheria inahesabu kwamba umeanza upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi. Ndiyo maana ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo ni wa kuhifadhiwa, usifutwe. Mwenye nyumba asiyetaka ubaki anapaswa kusema mapema, kwa maandishi, badala ya kupokea fedha kimya kimya kisha akageuka.

Basi ule ujumbe wa wiki mbili una uzito gani? Tuseme aliutuma tarehe 10 Machi 2025, baada ya kupokea kodi ya Januari na ya Februari. Chini ya kifungu cha 57, notisi ya upangaji wa mwezi isipungue mwezi mmoja, tena iishie siku ya kulipa kodi. Mwezi mmoja kutoka tarehe 10 Machi ni tarehe 10 Aprili, ambayo si siku ya kodi. Kwa hiyo notisi halali ingeishia tarehe 1 Mei. Kodi nayo haipandi kwa ujumbe tu, isipokuwa mkataba wa awali uliruhusu au wewe mwenyewe ukubali. Akitaka elfu thelathini na wewe ukatae, njia aliyo nayo ni kukupa notisi kamili. Kung'oa mlango si notisi.

Maduka na hoteli nyingi zina sheria yao, yenye fomu maalumu na notisi ya miezi miwili au zaidi, kwa hiyo mfanyabiashara asitumie hesabu hii.

Mpangaji naye anafungwa na kanuni iyo hiyo. Ukipakia vyombo tarehe 15 Machi na kuondoka bila notisi, mwenye nyumba anaweza kukudai kodi ya muda wa notisi ambayo hukutoa, na mara nyingi ataanzia kwenye dipoziti yako.